Weupe wa Bafu Lisilo na Dirisha

Katika nyumba nyingi za ghorofa, bafu la chumba cha masta limebanwa katikati, vyumba pande zote, na jua haliingii kabisa. Mwenye nyumba akitaka lionekane safi na pana, huagiza taili za krimu, akiamini kuwa rangi yoyote isiyokoza itatosha. Mpangaji anahamia, anasugua kuta kila Jumamosi, na bado bafu linaonekana lina uchafu wa siku nyingi.

Kisa ni choo chenyewe. Choo cha kukaa na sinki vina weupe mkali, na jicho hupima kila rangi iliyo karibu kwa weupe huo. Mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1839. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwandani zimefifia. Alipochunguza, akaona nyuzi hazina kasoro. Rangi zilizowekwa pembeni yake ndizo zilizozibadilisha machoni. Krimu nayo, ikiwa peke yake, ni nzuri. Iweke kando ya choo cheupe, inageuka manjano, na manjano bafuni macho huyasoma kuwa ni uchafu.

Kwa hiyo kuna njia mbili za uhakika. Ama ukuta uwe mweupe sawasawa na choo, ama uwe na rangi ambayo hakuna atakayeidhania kuwa nyeupe iliyochakaa: kijani kibichi kilichopauka, samawati hafifu, kijivu chepesi. Kinachoharibu ni kile kilicho karibu na nyeupe bila kuifikia.

Kabla ya kununua chochote, tazama taa, kwa sababu bafu hili halina mwanga mwingine. Kwenye boksi la balbu pameandikwa namba. 2700K ni mwanga wa njano, utaipaka krimu njano zaidi. 6500K una ubuluu, na uso wako kwenye kioo utaonekana wa mgonjwa. Mimi huchagua 4000K. Ukishafunga balbu, bandika karatasi nyeupe ya kuandikia kando ya choo, kisha kando ya kipande cha taili ulichoomba dukani. Kinachopendeza chini ya taa za duka kinaweza kukukera nyumbani.

Chukua ukuta wa upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.4. Ukitumia taili za sentimita 20 kwa 30 utahitaji 80. Za 30 kwa 60 ni kama 27 tu, na mistari ya grauti inapungua sana. Kila mstari unaoonekana unakata ukuta, ndiyo maana grauti nyeusi kwenye taili nyeupe hulibana bafu dogo. Ukutani weka grauti ya rangi ya taili. Sakafuni ni tofauti: grauti nyeupe haidumu pale, hasa kwa maji ya kisima yenye chuma yanayoacha alama za kutu. Kijivu cha wastani kitakupunguzia kazi, juu ya taili zisizong'aa ili mtu asiteleze.

Mpangaji asiyeruhusiwa kung'oa krimu iliyokwishawekwa hana sababu ya kukata tamaa. Mara nyingi taili hizo huishia kifuani, zikafungwa kwa mkanda wa maua ya kahawia, na juu yake pana rangi nyingine. Hapo ukuta umekatwa vipande viwili, na chumba kinaonekana kifupi. Paka sehemu ya juu krimu ileile mpaka dari, kwa rangi inayofulika, na mkanda uufunike kwa rangi maalumu ya taili baada ya kuusugua kwa msasa. Usipake nyeupe juu ya krimu. Utakuwa umeongeza shahidi mwingine dhidi yake.

Taulo nazo zifuate hesabu hiyohiyo. Penye kuta za krimu, taulo nyeupe kabisa inauumbua ukuta. Ya rangi ya mchanga au kahawia nyepesi inautuliza. Penye kuta nyeupe au kijani hafifu, nyeupe inakaa vizuri, na inavumilia dawa ya klorini pale kuvu inapoanza kuweka madoadoa. Zikiwa nyekundu, zambarau na za michoro kwenye msumari mmoja, jicho huishia hapo mlangoni na ukuta wa nyuma husogea karibu. Chagua rangi moja kwa taulo zote za nyumba. Na bila feni ya kutolea hewa, usiziache humo usiku kucha: zianike nje, kwani taulo yenye unyevu hunuka hata iwe nyeupe kiasi gani.