Kutoka Maelezo Hadi Mchoro: Vijenzi vya Programu na Ufunguo Wake

Mchoro wa vijenzi huonyesha mambo mawili: programu kubwa imegawanyika katika sehemu zipi, na ni sehemu ipi inayozungumza na ipi. Kila sehemu, yaani kijenzi, huchorwa kama kisanduku chenye jina, na kila mawasiliano huchorwa kama mshale wenye maneno. Pembeni au chini huwekwa ufunguo, kama ule wa ramani za jiografia shuleni, unaoeleza maana ya kila umbo na kila mstari. Mara nyingi mchoro huo hauanzi na karatasi tupu. Huanza na maelezo yaliyokwisha kuandikwa: aya mbili tatu katika zabuni, barua ya mteja au kumbukumbu za kikao.

Kuyageuza maelezo hayo kuwa mchoro ni kuyahoji zaidi kuliko kuyachora. Sentensi inaweza kukamilika bila kumtaja mtendaji, na msomaji asione pengo. Mshale hauwezi. Ni lazima utoke mahali na ufike mahali.

Chukua mfano wa mfumo wa tiketi za mabasi ya mikoani, ulioelezwa hivi: "Abiria hukata tiketi kwa programu ya simu. Mfumo huangalia viti vilivyo wazi, kisha abiria huchagua kimoja. Malipo hufanyika kwa pesa za simu. Malipo yakithibitishwa, abiria hutumiwa ujumbe mfupi wenye namba ya tiketi. Wakala wa kituoni huona orodha ya abiria kwenye tovuti. Kila usiku ripoti ya mauzo hutumwa kwa mwenye mabasi."

Kuchuja majina

Hatua ya kwanza ni kupigia mstari kila jina la kitu au mtu: abiria, tiketi, programu ya simu, mfumo, viti, malipo, ujumbe mfupi, wakala, orodha, tovuti, ripoti, mwenye mabasi. Si yote yanayostahili kisanduku. Kipimo ni swali moja: je, kitu hiki kinaweza kuwashwa, kuzimwa au kuharibika peke yake? Programu ya simu inaweza, na tovuti pia inaweza. Tiketi, kiti na ripoti haziwezi. Hizo ni data, na mahali pake ni kwenye maneno ya mshale au ndani ya hifadhidata. Abiria, wakala na mwenye mabasi ni watumiaji, kwa hiyo huchorwa kwa umbo la mtu, nje ya mfumo.

Neno "mfumo" ndilo la kuangaliwa zaidi. Katika maelezo haya linataja kitu kizima, si sehemu yake, kwa hiyo linakuwa fremu inayozunguka visanduku vingine. Lakini likishageuzwa fremu, kazi ya kuangalia viti inabaki bila mwenyewe. Ni nani anayeangalia, na anaangalia wapi? Aliyeandika maelezo akiulizwa, anajibu kwamba kuna huduma ya tiketi kwenye seva, na kwamba viti vimo katika hifadhidata. Hapo vimepatikana vijenzi viwili muhimu kuliko vyote, na hakuna hata kimoja kilichotajwa katika maelezo.

Kuwinda vitenzi vya kutendwa

Hatua ya pili ni vitenzi, kwa sababu kila kitenzi kati ya sehemu mbili ni mshale. Hapa kauli ya kutendwa ndiyo inayoficha mambo. "Yakithibitishwa", "hutumiwa" na "hutumwa" ni mishale mitatu isiyo na mwanzo. Kila kimoja kigeuzwe kuwa kauli ya kutenda na mtendaji aandikwe. Kampuni ya pesa za simu inathibitisha malipo. Huduma ya tiketi inatuma ujumbe kupitia kampuni ya ujumbe mfupi. Na ripoti? Jibu linaweza kuwa hili: kuna programu ndogo inayojiendesha kila usiku, inayosoma hifadhidata moja kwa moja na kutuma baruapepe, bila kupitia huduma ya tiketi.

Jibu hilo la mwisho lina uzito. Likichorwa, hifadhidata inaonekana inapokea mishale miwili, mmoja wa huduma ya tiketi na mwingine wa kazi ya usiku. Mtu akibadilisha muundo wa majedwali kwa ajili ya huduma ya tiketi, ripoti inaweza kuharibika bila yeye kujua. Maneno "ripoti hutumwa" yalilificha jambo hilo kabisa.

Mshale unaelekea wapi

Mchoraji aamue mapema kama mshale unafuata data au unamfuata anayeanzisha mawasiliano. Kanuni hizo mbili hazikubaliani. Huduma inaposoma viti, data inatoka kwenye hifadhidata kwenda kwenye huduma, lakini anayeanza ni huduma. Zikichanganywa katika mchoro mmoja, hakuna atakayeweza kuusoma. Katika mfano huu mshale unamfuata anayeanzisha, na ufunguo unasema hivyo waziwazi.

Malipo yanaonyesha faida ya kanuni hiyo. Huduma ya tiketi inaiomba kampuni ya malipo imtoze abiria, nayo inajibiwa papo hapo kwamba ombi limepokelewa. Malipo yenyewe bado. Abiria anaona ombi kwenye simu yake na kuweka namba ya siri, na baada ya hapo kampuni ya malipo inaipigia huduma ya tiketi kuleta matokeo. Hayo ni mawasiliano mawili yenye waanzilishi wawili, kwa hiyo ni mishale miwili. Anayechora mshale mmoja wenye ncha mbili anaficha mambo mawili. Kwanza, seva ni lazima iwe na anwani ambayo kampuni ya malipo inaweza kuifikia kutoka nje. Pili, jibu linaweza kupotea njiani, pesa zikawa zimekatwa na kiti hakijathibitishwa. Mshale wa pili ukionekana peke yake, msomaji atauliza mara moja: usipofika, inakuwaje?

Maneno ndani ya visanduku na juu ya mishale

Kila kisanduku kinahitaji namba, jina, na kazi yake kwa maneno machache. Kila mshale unahitaji herufi, kitenzi chenye maana, na njia ya mawasiliano. "Inatumia" si kitenzi chenye maana, maana kila kijenzi kinatumia kingine. "Inaomba malipo" kinatosha. Mchoro unaweza kuandikwa kama maandishi katika PlantUML, nayo ikapanga picha yenyewe. Hii ni sehemu ya malipo tu:

```
@startuml
actor "Abiria" as A
rectangle "Mfumo wa tiketi" {
  component "1 Programu ya simu" as P
  component "2 Huduma ya tiketi" as H
  database "3 Hifadhidata ya tiketi" as D
}
cloud "6 Kampuni ya malipo" as M
A --> P : a. anachagua kiti
P --> H : b. inaomba kiti [HTTPS]
H --> D : c. inasoma na kushika kiti [SQL]
H --> M : d. inaomba malipo [HTTPS]
M ..> H : e. inaleta matokeo [HTTPS]
@enduml
```

Namba 4 na 5 zimeachiwa tovuti ya wakala na kazi ya usiku, na namba 7 na 8 kampuni ya ujumbe mfupi na seva ya baruapepe. Namba zikishatolewa zisibadilishwe, kwa sababu ufunguo na mazungumzo ya kila siku vitazitegemea.

Ufunguo wa maandishi

Ufunguo una sehemu mbili. Ya kwanza inaeleza alama:

- Umbo la mtu: mtumiaji, yuko nje ya mfumo.
- Kisanduku: programu inayoweza kuwashwa na kuzimwa peke yake.
- Pipa: hifadhidata.
- Wingu: mfumo wa kampuni nyingine.
- Fremu: mpaka wa mfumo wetu.
- Mshale wa mstari mzima: ombi, anayeomba anasubiri jibu papo hapo.
- Mshale wa nukta: taarifa inayoletwa baadaye.
- Mwelekeo wa mshale: unatoka kwa anayeanzisha mawasiliano.

Sehemu ya pili inavitaja vijenzi na mishale kwa zamu, kwa sentensi kamili. Kwa mfano: "2. Huduma ya tiketi: hushika viti, huomba malipo na hutoa namba za tiketi." Au: "e. Kutoka 6 kwenda 2: kampuni ya malipo inaleta matokeo baada ya abiria kuweka namba ya siri."

Sehemu hii ya pili si mapambo. Msomaji asiyeona, anayesomewa skrini na kompyuta, anaupata mchoro mzima humo. Anayesoma nakala iliyochapishwa kwa wino mweusi, ambayo rangi zake zimepotea, hapotezi kitu. Kwa sababu hiyo rangi isibebe maana peke yake. Ikiwa mifumo ya nje imepakwa kijivu, umbo la wingu nalo liwepo.

Kukagua

Ukaguzi hufanyika pande mbili. Kwanza, kila sentensi ya maelezo ioneshwe mshale au kisanduku chake. Sentensi isiyo na alama kwenye mchoro imesahaulika, au haihusu usanifu. Pili, kila mshale urudishwe kwenye sentensi. Usio na sentensi umebuniwa na mchoraji, au umetokana na jibu la swali, na katika hali hiyo maelezo yenyewe yaongezwe.

Zipo dalili za makosa zinazoonekana kwa macho. Kisanduku kisicho na mshale hata mmoja ama hakihitajiki, ama kuna mshale uliosahaulika. Mshale unaotoka kwenye hifadhidata ya kawaida kwenda nje unavunja kanuni ya mwanzilishi, kwa kuwa kwa kawaida hifadhidata husubiri kuulizwa. Visanduku viwili vyenye kazi ileile huenda ni kijenzi kimoja kilichotajwa kwa majina mawili. Mwandishi aliyesema "tovuti" hapa na "ukurasa wa wakala" pale aulizwe kama anakusudia kitu kimoja.

Vikizidi visanduku ishirini hivi, mchoro ugawanywe. Utaratibu wa C4 wa Simon Brown hufanya hivyo kwa ngazi: wa kwanza unaonyesha mfumo mzima na majirani zake, wa pili programu na hifadhidata zilizomo, wa tatu vijenzi ndani ya programu moja. Kwa ngazi hizo mchoro wa tiketi uko ya pili, kwa sababu visanduku vyake ni programu nzima. Kilicho muhimu ni kutochanganya ngazi: jedwali moja la hifadhidata lisiwekwe kando ya kampuni nzima ya simu.

Hata ukichorwa vizuri, mchoro wa vijenzi hauonyeshi muda. Hausemi kiti kinashikwa kwa dakika ngapi kabla ya malipo kufika, wala huduma ya tiketi inaendeshwa kwenye seva ngapi. La kwanza lina mchoro wake wa mfuatano wa matukio, na la pili lina mchoro wa seva. Mambo hayo yakitajwa katika maelezo, yaandikwe chini ya ufunguo kama tanbihi, pamoja na tarehe ya mchoro, ili msomaji ajue yameachwa kwa makusudi.