Hisa za Ahadi na Mshahara wa Mwisho wa Mwezi

Msanidi programu anayetafuta kazi Nairobi huulizwa mapema, aghalabu katika simu ya kwanza: "Unatarajia mshahara wa kiasi gani?" Akitaja 300,000 papo hapo, amejifunga, maana huenda nafasi hiyo ilitengewa 400,000. Heri aulize kwa adabu, "Nafasi hii mmeitengea kiasi gani?" Waking'ang'ania, kiwango cha chini anachotaja kiwe kile atakachokipokea bila kinyongo, kwa kuwa anayesema "kati ya 380,000 na 450,000" mwajiri humsikia akisema 380,000. Afafanue pia kwamba ni kabla ya makato. Kuhusu mshahara wa sasa asidanganye. Waajiri wengi huomba hati za malipo.

Kazi ngumu huja barua zikifika. Tuseme benki inampa shilingi 420,000 kwa mwezi bila hisa. Kampuni changa inampa 350,000 pamoja na haki ya kununua hisa 20,000 kwa dola 1 kila moja, haki anayoipata kidogo kidogo kwa miaka minne. Wawekezaji wa juzi walinunua hisa kwa dola 3, hivyo kampuni inamwambia ana faida ya dola 40,000, yaani 10,000 kwa mwaka. Kwenye karatasi, hiyo inapita mbali ile tofauti ya 70,000 kwa mwezi, ambayo baada ya kodi na makato hubaki kama 47,000.

Lakini masharti ndiyo yenye mambo. Kwa kawaida, anayeondoka kabla ya mwaka mmoja hapati hata hisa moja. Akiondoka baada ya miaka miwili, ana haki ya hisa 10,000, na mikataba mingi humpa siku 90 kuzilipia. Atoe dola 10,000 za mfukoni kwa hisa ambazo huenda hazina mnunuzi! Tena wawekezaji mara nyingi hulipwa kwanza. Ikiwa waliweka dola milioni 20 na kampuni ikauzwa kwa milioni 20, wafanyakazi hawana cha kugawana.

Kwa hiyo aulize hisa zote za kampuni ni ngapi. Kampuni isiyotaka kujibu hilo, mimi hisa zake ningezihesabu sifuri. Katika mfano wetu ningechagua benki, labda kampuni changa ipandishe mshahara hadi 400,000. Kuomba hivyo si utovu wa adabu, mradi aseme wazi kwamba wakikubali, atatia saini.

Bima ya afya nayo ina bei. Anayelea watoto aulize kama inawahusu wategemezi, na kikomo cha matibabu ya kutwa ni kiasi gani.

Kila lililokubaliwa kwa simu liandikwe kwenye barua ya ajira. Kabla ya barua hiyo kutiwa saini na pande zote mbili, usiwasilishe notisi ya kuacha kazi uliyo nayo.