Akaunti ya mtoto: jina la nani, sahihi ya nani

Wazazi wengi wa Pangi wanaposema "akaunti ya mtoto" huwa wanazungumzia vitu viwili ambavyo benki haivichanganyi. Kimoja ni akaunti iliyofunguliwa kwa jina la mtoto, mzazi akiwa msimamizi wake. Kingine ni akaunti ya mzazi mwenyewe, ambamo anaweka fedha za masomo ya mwanawe. Baba akiwa hai na mwenye afya, tofauti haionekani. Akifariki, huonekana juma lile lile.

Tuseme mchimbaji wa kasiteriti wa Kalima ana watoto watano, na ameweka dola 400 benki mjini Kindu kwa ajili ya binti yake wa miaka kumi. Ikiwa akaunti ilikuwa kwa jina la baba, fedha hizo ni urithi, hata kama nyumba nzima inajua ziliwekwa kwa nia gani. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, huwapa watoto robo tatu ya urithi. Basi, madeni na fungu la mjane katika mali ya ndoa yakiisha kutengwa, tuchukulie dola 400 hizo zimebaki zote. Watoto wanapata 300, kila mmoja 60. Dola 100 zinakwenda kwa kundi la pili, ambamo wamo mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Binti aliyewekewa 400 anaondoka na 60.

Kama akaunti ilikuwa kwa jina la binti, zile 400 ni mali yake na haziingii katika mgawanyo. Baba mdogo akifika gishe na kusema yeye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, benki haitampa kitu kwa neno hilo. Lakini pana shida nyingine: ikiwa sahihi iliyosajiliwa ilikuwa ya baba peke yake, akaunti inasimama. Mama anajua fedha zipo, ila hawezi kuzigusa mpaka alete cheti cha kifo na hati inayoonyesha nani sasa anamwakilisha mtoto. Karo haingoji hati.

Ndiyo maana siku ya kufungua, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na kitambulisho cha mzazi, swali la kumkazania karani ni hili: sahihi za nani, na zinatumikaje? Wazazi wawili wanaweza kusajiliwa kila mmoja akitoa fedha peke yake, au wakasajiliwa kwa namna ambayo hakuna kinachotoka bila sahihi zote mbili. Namna ya pili ni salama zaidi, lakini ni mzigo kwa familia ambayo baba yuko machimboni na mama Kindu. Kwa maoni yangu, wengi hapa inawafaa ile ya kwanza, kwa sharti kwamba wote wawili wanaona taarifa za akaunti.

Nasema hivyo kwa sababu karani hukagua sahihi na kitambulisho, hakagui nia. Kisheria msimamizi anatunza mali ya mtoto kwa faida ya mtoto. Gishe, hakuna atakayemuuliza kama dola 80 ni za sare au za bia. Anayeweza kugundua ni yule anayesoma taarifa, na taarifa hupewa waliosajiliwa tu. Mama asiyekuwa kwenye faili atajibiwa kwamba ni siri ya benki, ingawa ndiye aliyemzaa mtoto. Bibi anayeweka faranga zake kila mwezi anarudi na risiti ya alichoweka, salio haonyeshwi.

Kuna pia simu. Ujumbe wa benki unakwenda kwa nambari iliyoandikwa kwenye fomu, na simu zetu hupita mikononi mwa wengi. Ikiwa nambari ni ya kaka wa baba kwa kuwa siku ile yeye ndiye aliyekuwa na simu, basi yeye ndiye anayesoma salio. Nambari ikipotea au ikibadilika, benki iarifiwe. Wale wanaoweka fedha za mtoto kwenye M-Pesa au Airtel Money wakumbuke kwamba akaunti ile ni ya mtu mzima aliyeisajili, kwa hiyo hesabu ya urithi tuliyoifanya hapo juu inaihusu.

Binti akitimiza miaka 18, usimamizi unakwisha. Anakwenda benki na kitambulisho chake, anaacha sahihi yake, na sahihi ya mzazi inafutwa, hata kama kila dola ilitoka mfukoni mwa mzazi huyo. Akitaka mzazi aendelee kumtolea fedha, ni yeye sasa atakayempa wakala kwa maandishi. Na akiomba taarifa za miaka iliyopita, anaomba kama mwenye mali.