Baiskeli ya umeme inapozimika mlimani

Baiskeli ya umeme yenye betri ya volti 36 ikienda kwenye barabara tambarare kwa kilomita 15 kwa saa, mota yake hutumia umeme mdogo tu, ampea 2 au 3 hivi. Ikianza kupanda kilima kinachoinuka mita 6 kwa kila mita 100, huku baiskeli na mpandaji wake wakiwa na kilo 100 kwa pamoja, mota hiyohiyo huhitaji ampea 12 hadi 15 ili mwendo usipungue. Mkondo umeongezeka mara tano au zaidi ndani ya sekunde chache. Kasoro iliyojificha kwenye tambarare, iwe ya betri, ya waya au ya kontrola, hujitokeza hapo. Ndiyo maana baiskeli inayozimika mlimani inaweza kufika kwa fundi, ikaning'inizwa, gurudumu likazunguka bila taabu, na mwenyewe akaambiwa kwamba haina tatizo. Gurudumu lililo hewani halina mzigo, na mota isiyo na mzigo haiwezi kuonyesha ugonjwa huu.

Pa kuanzia ni betri. Betri ya volti 36 ina makundi 10 ya seli za lithiamu yaliyounganishwa kwa mfuatano. Ikijaa hufika volti 42, kisha hushuka kadiri inavyotumika. Kila seli ina ukinzani wake wa ndani, na mkondo unapopita katika ukinzani huo, sehemu ya volteji hupotea humohumo kabla ya kutoka nje ya betri. Kiasi kinachopotea hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa omu. Seli zikizeeka ukinzani huongezeka, kwa hiyo betri inaweza kuonekana nzima ikiwa imetulia, lakini ikaporomoka mara inapodaiwa umeme mwingi.

Kontrola, kile kiboksi kinachopokea umeme wa betri na kuugawa kwenye mota, imepangiwa kiwango cha chini ambacho haipaswi kukivuka. Kwa mfumo wa volti 36, kiwango hicho aghalabu huwa karibu na volti 31. Volteji ikishuka chini ya hapo, hata kwa muda mfupi, kontrola hukata mota ili kuilinda betri. Mkondo ukishakatika, volteji hupanda tena papo hapo, na skrini huonyesha kwamba chaji ipo. Mpandaji hubaki akishangaa: betri ina nusu ya chaji, mota imekufa, na baada ya sekunde chache imefufuka, kisha inakufa tena mita chache mbele. Mtindo huo wa kufa na kufufuka haraka ni dalili kubwa ya volteji inayoporomoka.

Betri haistahili kulaumiwa kabla ya konekta kupimwa, kwani betri ni ghali na konekta ni rahisi. Kipimo chenyewe hufanywa baiskeli ikiwa mlimani. Mita ya umeme hufungwa kwa utepe kwenye usukani, ncha zake huunganishwa kwanza kwenye vituo vya betri, na safari ya pili huhamishiwa pale waya zinapoingia kwenye kontrola. Sehemu za chuma za ncha hizo lazima zizungushiwe utepe wa umeme zisigusane, maana betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kuwaka moto.

Chukulia baiskeli ambayo betri yake, ikiwa imetulia, inasoma volti 36.2, sawa na karibu nusu ya chaji. Mlimani, mkondo ukiwa ampea 14, vituo vya betri vinasoma 32.4 na kwenye kontrola mita inaonyesha 30.6. Betri yenyewe imepoteza volti 3.8, yaani ina ukinzani wa omu 0.27, kiasi cha betri iliyochoka lakini isiyokufa. Volti 1.8 nyingine zimepotelea njiani, kati ya betri na kontrola, na hizo hazina sababu ya kupotea. Ampea 14 zikizidishwa kwa volti 1.8 zinatoa wati 25 za joto, zote zikiwa zimekusanyika katika konekta moja ndogo. Ikiguswa baada ya kupanda itakuwa ya moto, na mara nyingi plastiki yake imebadilika rangi au kuyeyuka pembeni. Pini zake huwa zimeshika kutu au zimelegea kwa mtikisiko, au waya umebanwa vibaya tangu mwanzo. Kusafisha pini husaidia kwa muda tu ikiwa chuma kimeshaungua, kwa hiyo konekta hiyo hukatwa na nyingine kufungwa, betri ikiwa imechomolewa.

Kazi hiyo ikifanywa vizuri, upotevu wa njiani hushuka hadi volti 0.2 hivi. Kontrola sasa inapata 32.2 na baiskeli inapanda. Lakini uchovu wa betri haujaondoka. Chaji ikishuka hadi volti 34.8 ikiwa imetulia, volti zilezile 4 zikitolewa zinabaki 30.8, na mota itakatika tena. Mpandaji akipunguza nguvu ya msaada na kukanyaga pedali zaidi, mkondo ukawa ampea 9, upotevu nao unapungua hadi volti 2.6 na kilima kinapandika.

Hali huwa tofauti pale ambapo skrini nayo inazimika kabisa. Hapo aliyekata si kontrola. Huenda konekta imeachia, au bodi ya kinga iliyo ndani ya betri imefunga njia. Bodi hiyo hutazama kila kundi la seli peke yake. Makundi tisa yakiwa na volti 3.4 na moja bovu likiporomoka hadi 2.7, jumla bado ni 33.3, na kontrola haioni tatizo, lakini bodi ikiwa imepangiwa kukata kwenye volti 2.8 itakata umeme wote. Kufungua betri ya namna hii ni kazi ya fundi wa seli.

Kontrola yenyewe ikiwa mgonjwa, kwa kawaida ni joto. Baiskeli ikipanda polepole sana, mkondo unaoingia kwenye waya za mota huwa mkubwa kuliko ule unaotoka kwenye betri, na swichi za elektroniki za kontrola hupata moto. Kukatika huja baada ya dakika kadhaa za kupanda, na mota hairudi mpaka kiboksi kipoe. Muda huo mrefu wa kusubiri ndio unaoutofautisha ugonjwa huu na ule wa volteji.

Mkono wa akseleta haujui mlima. Ndani yake mna sumaku na sensa inayopewa volti 5, na waya wake wa ishara husoma karibu volti 0.8 ukiwa umeachiwa na zaidi ya 3.5 ukizungushwa hadi mwisho. Ishara ikirukaruka usukani unapogeuzwa, waya umekatikia ndani karibu na usukani. Baiskeli ya aina hiyo hukatika hata tambarare, hasa kwenye mashimo. Kabla ya kuibadilisha sensa, chomoa waya za swichi za breki, ukijaribu mahali salama: mpandaji anayevuta usukani kwa nguvu mlimani anaweza kuugusa mkono wa breki bila kujua, na swichi iliyolegea ikaiamuru kontrola isimamishe mota.