Je, Wajua? Jibu laweza kubadilika maneno na bado likafaulu jaribio

Programu ya kawaida mara nyingi hujaribiwa kwa kulinganisha jibu jipya na la zamani herufi kwa herufi. Kipengele kinachotegemea modeli kubwa ya lugha hakipimiki hivyo, kwa kuwa swali lilelile laweza kupata majibu mengi sahihi. Chukua kipengele kinachofupisha malalamiko ya wateja. Ujumbe wa jaribio haubadiliki: mteja alilipa shilingi 45,000, mzigo haujafika, anataka kurudishiwa fedha. “Mteja anadai arudishiwe 45,000; mzigo haujafika” na “Hajapata mzigo, anaomba 45,000 zake zirejeshwe” yote ni majibu yanayofaulu. Vigezo huandikwa mapema: kiasi kiwe kilekile, ombi litajwe, lisiongezwe jambo ambalo mteja hakulisema. Maneno yana uhuru, kiasi hakina.

Wapo wanaosema inatosha kushusha halijoto ya modeli hadi 0 ili jibu lisibadilike. Haitoshi: hesabu za desimali kwenye seva zaweza kutofautiana kidogo kulingana na maombi mengine yanayochakatwa pamoja, na toleo jipya la modeli huweza kubadilisha mtindo mzima. Ndiyo maana kila ujumbe hupitishwa mara kadhaa, tuseme 10, kabla na baada ya kubadilisha kipengele au modeli. Kigezo kilichofaulu mara 10 kikishuka hadi 5, yaelekea kuna kilichoharibika, hata kama kila muhtasari unasomeka vizuri. Kikishuka hadi 9, huenda ni bahati tu. Majaribio yaongezwe kabla ya kuhukumu.