Kujaza Sufuri, Kupanga kwa Vitabu na Kuhakiki: Safari ya Namba za Risiti Kabla ya Kupakiwa

Namba iliyochapishwa kwenye kona ya risiti ni jina la risiti hiyo, ingawa limeandikwa kwa tarakimu. Mfumo wa hesabu unaopokea faili huitafuta risiti kwa jina hilo, tarakimu kwa tarakimu, kwa hiyo 000451 na 451 huweza kuwa risiti mbili tofauti mbele yake, moja inayojulikana na nyingine isiyokuwa na mwenyewe. Ndiyo maana mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anayekabidhiwa kazi ya kuandaa fungu la namba za risiti anapaswa kuelezwa hatua tatu, na aelezwe kwa mpangilio wake: kwanza sufuri, kisha vitabu, mwisho uhakiki. Mpangilio huo hauna hiari, kwani kila hatua hutegemea iliyotangulia.

Chukulia chama cha akiba na mikopo kinachotumia vitabu vya risiti vya kurasa 50, namba zikiwa na tarakimu sita. Mweka hazina amekabidhi vitabu vitatu. Cha kwanza kina risiti 000451 hadi 000500, cha pili 000501 hadi 000550, na vyote viwili vimejaa. Cha tatu kinaanzia 000551, na kimetumika hadi 000587. Risiti zinazotakiwa kuingia kwenye faili ni 50, na 50, na 37, yaani 137. Hesabu hiyo ifanywe kwa kufungua vitabu vyenyewe, kabla hata ya kompyuta kuwashwa, na iandikwe pembeni kwenye karatasi. Ikitolewa baadaye kutoka ndani ya faili, faili litakuwa linajishuhudia lenyewe.

Hatua ya sufuri ndiyo inayoharibika mapema zaidi. Excel ikiona tarakimu tupu huzichukulia kuwa ni kiasi, na katika kiasi sufuri za mbele hazina kazi, basi huzifuta papo hapo bila kuuliza. Mtu huandika 000451, akibonyeza Enter anaona 451. Kinga yake ni kuichagua safu yote kabla ya kuandika chochote, kufungua Format Cells na kuchagua Text. Hapo kila kinachoandikwa hubaki kama kilivyoandikwa. Kufanya hivyo baada ya sufuri kupotea hakuzirudishi. Zilizopotea zimepotea, na inabidi zijazwe upya kwa fomula katika safu ya pembeni:

```
=TEXT(A2,"000000")
```

Fomula hiyo hushushwa hadi mstari wa mwisho, kisha majibu yake hunakiliwa na kubandikwa kwa Paste Values ili yabaki maandishi yasiyotegemea safu ya A. Safu ya A yenyewe haifutwi wala kusahihishwa. Ni kumbukumbu ya kilichoandikwa mwanzo, na kosa likionekana baadaye, huko ndiko chanzo chake hutafutwa.

Kuna njia mbili za mkato ambazo wengi huzipenda, na zote zina mtego. Ya kwanza ni kuipa seli muundo maalumu wa 000000. Kwenye skrini sufuri zitaonekana vizuri kabisa, lakini hiyo ni sura tu. Thamani iliyomo bado ni 451, na mfumo unaosoma faili la Excel moja kwa moja unaweza kupokea tarakimu tatu. Ya pili ni mbaya zaidi:

```
=RIGHT("000000"&A2,6)
```

Fomula hii hubandika sufuri sita mbele ya namba, kisha huchukua tarakimu sita za mwisho. Kwa 451 jibu ni sahihi. Lakini karani akigusa tufe moja zaidi na kuandika 1000451, fomula itaikata ile 1 ya mbele na kurudisha 000451, namba safi isiyo na dalili yoyote ya kosa. TEXT haikati, namba ya tarakimu saba hutoka na tarakimu saba, na hukamatwa. Katika kazi ya namba, fomula inayoacha kosa lionekane ni bora kuliko inayolipamba.

Idadi ya sufuri nayo haikisiwi. Upana hufuata namba iliyochapishwa kwenye kitabu na maelekezo ya mfumo unaopokea, si namba ndefu kuliko zote katika fungu la siku hiyo. Anayejaza hadi tarakimu tatu kwa kuwa leo hakuna risiti iliyovuka 999 atakuwa ameandaa faili lisilooana na la mwezi ujao. Vilevile si kila kumbukumbu ya malipo hujazwa sufuri. Namba ya muamala wa M-Pesa wa Kenya, kwa mfano, huchanganya herufi na tarakimu na huachwa ilivyo. Kumbukumbu ndefu za benki zina hatari yake nyingine: Excel hutunza tarakimu 15 tu za kiasi, na kuanzia ya 16 hugeuza zote kuwa sufuri, kwa hiyo hizo ni lazima ziingizwe kama maandishi tangu mwanzo.

Kabla ya kuondoka kwenye hatua hii, kila namba hupimwa kama ina urefu wa sita na kama ni tarakimu kweli:

```
=AND(LEN(B2)=6,ISNUMBER(VALUE(B2)))
```

Jibu la TRUE huruhusu mstari uendelee. FALSE kwa kawaida huwa na mojawapo ya sababu chache: herufi O iliyoandikwa mahali pa sufuri, nafasi tupu isiyoonekana iliyokuja na namba zilizonakiliwa kutoka kwenye barua pepe, au tarakimu iliyozidi.

Namba zikishakuwa na upana mmoja, hupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Hapa ndipo faida ya sufuri inapoonekana, kwani maandishi hupangwa kwa kulinganisha alama ya kwanza kwanza. Bila sufuri, 1000 ingetangulia 451 kwa sababu 1 hutangulia 4. Baada ya kupangwa, kila risiti hupewa namba ya kitabu chake. Kwa vitabu vya kurasa 50 vilivyoanzia risiti ya kwanza, fomula ni hii:

```
=INT((VALUE(B2)-1)/50)+1
```

Risiti 000451 hadi 000500 hutoka kitabu cha 10, zinazofuata cha 11, na za mwisho cha 12. Ile -1 ina kazi kubwa. Ikiachwa, risiti 000500 itahamia kitabu cha 11, na kila kitabu kitaonekana kimepoteza karatasi yake ya mwisho na kupokea ya jirani. Chama kinachochapisha vitabu kwa mfululizo zaidi ya mmoja, tuseme A na B, huongeza herufi ya mfululizo mbele ya namba, la sivyo A000451 na B000451 zitagongana.

Kupanga kwa vitabu huonekana kama kazi ya usafi tu, na wengi huiruka. Mfano wetu unaonyesha kwa nini haifai kurukwa. Faili la chama kile lina mistari 137, sawasawa na hesabu iliyoandikwa kwenye karatasi. Anayetazama jumla peke yake angelipakia bila wasiwasi. Lakini vitabu vinapohesabiwa kimoja kimoja, cha 10 kina risiti 50, cha 11 kina 49, na cha 12 kina 38. Kitabu kimoja kimepungukiwa na kingine kimezidi, na jumla imeficha yote mawili.

Kulipata kosa lenyewe, safu nyingine huonyesha tofauti kati ya kila namba na iliyo juu yake:

```
=VALUE(B3)-VALUE(B2)
```

Katika mfululizo mzima jibu ni 1 mstari kwa mstari. Jibu la 2 ni pengo la risiti moja, na 0 ni namba iliyojirudia. Katika faili hili 2 inatokea kati ya 000517 na 000519, na 0 inatokea penye 000581. Kwa hiyo risiti 000518 haipo, na 000581 imeandikwa mara mbili. Macho huona mara moja: 18 imegeuzwa kuwa 81.

Ugeuzaji huo una alama ambayo watunza vitabu huitumia sana. Jumla ya namba zote kuanzia 451 hadi 587 hupatikana kwa kuzidisha idadi kwa wastani wa ya kwanza na ya mwisho: 137 mara 519, yaani 71,103. Jumla ya namba zilizomo kwenye faili ni 71,166. (Kwa safu iliyo maandishi SUM hutoa 0, hivyo hutumika fomula ya `=SUMPRODUCT(VALUE(B2:B138))`.) Tofauti ni 63, na 63 hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti huwa hivyo siku zote. Hata hivyo ni fununu, si ushahidi. Makosa mengine pia yanaweza kuacha tofauti inayogawanyika kwa 9, na makosa mawili yanayofidiana hayaachi tofauti yoyote. Jumla hutumika kuthibitisha baada ya safu ya tofauti, haitumiki mahali pake.

Marekebisho hayafanywi kwa kukisia. Kitabu cha 11 hufunguliwa, nakala ya 000518 inayobaki kitabuni hutazamwa, na kiasi, tarehe na jina la mlipaji hulinganishwa na mstari wa faili wenye 000581 ya pili. Vikioana, ndipo namba inabadilishwa. Risiti zilizofutwa nazo hubaki kwenye faili. Ikiwa mweka hazina aliharibu 000533 na kuichora mistari, mstari wake huandikwa wenye kiasi cha 0 na hali ya IMEFUTWA, kwa sababu risiti isiyokuwepo kwenye faili husomeka kwa mkaguzi kama fedha iliyopokelewa bila kuingizwa.

Faili likishahifadhiwa kama CSV halifunguliwi tena kwa kubofya mara mbili, kwani Excel italisoma upya na kufuta sufuri zote, na likihifadhiwa katika hali hiyo kazi nzima imerudi mwanzo. Hutazamwa kwa Notepad: mstari wa kwanza wa risiti uonyeshe 000451, na wa mwisho 000587.

Uhakiki wote huu unahusu namba tu. Karani aliyebadilisha viasi vya risiti mbili, akaandika cha 000460 kwenye 000461 na kinyume chake, atapita kila kipimo kilichoelezwa hapa, na jumla ya fedha haitatofautiana na hati ya benki. Kosa hilo hupatikana kwa njia moja, nayo ni kuchukua risiti kadhaa kutoka kila kitabu na kuzisoma sambamba na faili, mstari kwa mstari.