Deni kwanza, mirathi baadaye: barua ya mjane kwa kadhi

Barua hii iliandikwa kwa mkono, kurasa mbili za daftari la mwanafunzi, na mama aliye ndani ya eda huko Kibokoni. Ameniruhusu niieleze hapa kwa sharti kwamba nisimtaje, na kiasi cha pesa nimekibadilisha. Baada ya salamu na dua, anaandika hivi:

"Mheshimiwa Kadhi, mume wangu amefariki wiki sita zilizopita. Ameacha nyumba, pikapu, duka dogo la leso na pesa kidogo. Ameniacha mimi, mamake, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, wote wakubwa. Siku ya mazishi shemeji alisimama akasema, yeyote anayemdai marehemu aje kwetu. Wamekuja watu. Sasa shemeji ataka nyumba iuzwe, tugawane, kisha kila mtu alipe deni kutoka fungu lake. Simu ya marehemu anayo yeye na namba ya siri anaijua. Naomba kujua, deni hulipwa vipi na kwa mali gani, na mimi nimo katika hayo madeni au simo?"

Kadhi hawezi kujibu barua kama hii kwa hukumu. Huenda mambo hayo hayo yakafika mbele yake kesho, na upande wa pili haujasikika. Anachoweza kumwambia ni afungue maombi ya mirathi mahakamani. Lakini maswali yake yana majibu yanayojulikana, na lile la mwisho, alilolitia kana kwamba ni nyongeza tu, ndilo zito kuliko yote.

Tuanze na shemeji. Kusimama kwake mazishini ni jambo jema, na hapa kwetu ni ada ya miaka. Alipokosea ni kwenye mpangilio. Aya za mirathi katika Surat An-Nisaa, ya 11 na ya 12, zinataja mafungu ya warithi kisha zinarudia kwamba hayo ni baada ya wasia na deni. Wasia umetajwa kabla ya deni katika maneno, lakini wanazuoni wamekubaliana kwamba katika kulipa deni hutangulia. Kwa hivyo hakuna "fungu" la mtu yeyote mpaka deni limekwisha. Mtu akishapewa laki nne mkononi, kumrudia baada ya mwaka umwambie atoe elfu hamsini za deni la marehemu ni kazi, hata akiwa ndugu wa damu. Sheria ya nchi pia inasema vivyo hivyo: kifungu cha 86 cha Sheria ya Mirathi, sura ya 160, kinataka madeni yalipwe kabla ya wasia wowote.

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, mali ya marehemu hutoka hivi. Kwanza hutoka deni lililofungwa kwenye kitu maalumu, kama gari au nyumba iliyowekwa rehani. Mwenye rehani ana haki juu ya kitu kile hata kabla ya sanda. Kisha gharama za mazishi za kiasi, yaani sanda, kaburi na usafiri. Pilau ya hitima si gharama ya mazishi, na anayetaka kuipika aipike kwa mfuko wake. Halafu madeni mengine yote, pamoja na zaka ambayo marehemu alikuwa hajaitoa. Baada yake wasia, usiozidi thuluthi ya kilichobaki. Mwisho ndipo warithi.

Sasa lile swali lake. Nilimwuliza mahari yake ilikuwa kiasi gani. Akasema, laki mbili, alipewa elfu hamsini siku ya ndoa na iliyobaki "ikawa deni". Miaka ishirini na kitu imepita hajaidai, na hakuwahi kumsamehe. Basi mume wake amekufa akidaiwa 150,000, na anayemdai ni mkewe. Mahari iliyoahirishwa ni deni kama deni la muuzaji wa jumla, na kifo hulifanya liwe la kulipwa papo hapo. Si zawadi na wala halihesabiwi ndani ya thumuni yake ya urithi. Anapokea kwanza kama mdai, kisha anarithi kama mke. Nimeona familia nyingi zenye kuandika kila deni la mtaani hadi la muuza kahawa, na hili la ndani ya nyumba lisiandikwe na mtu, kwa sababu mjane mwenyewe aona haya kulitaja na matanga hayajapoa.

Ushahidi wake ni nini? Cheti cha ndoa, ambacho mara nyingi huandikwa mahari na kiasi kilicholipwa. Kisipokuwa na maelezo hayo, watafutwe waliohudhuria akdi. Na kwa yeyote anayemdai maiti, Mashafi wanaongeza jambo: baada ya kuleta ushahidi hulishwa yamini kwamba deni hilo bado anadai, hajalipwa wala hajasamehe, kwa sababu maiti hawezi kusimama akasema "nilikulipa". Mjane naye yamo katika hilo. Muuzaji wa jumla mwenye kitabu chenye sahihi ya marehemu naye vivyo hivyo. Yule aliyekuja mlangoni na neno la mdomo tu hafukuzwi, lakini hapewi chochote mpaka athibitishe, au warithi wote wakubwa wamsadiki na wakubali.

Tuipige hesabu ya nyumba hii. Nyumba imekadiriwa 2,400,000, pikapu 600,000, bidhaa za dukani 250,000, pesa za benki na M-Pesa 150,000. Jumla ni 3,400,000. Vitu vya mjane mwenyewe havimo: dhahabu aliyopewa na mumewe akaimiliki na kuivaa ni yake, vyombo alivyonunua ni vyake, na rambirambi alizotiliwa mkononi ni zake.

Madeni: pikapu imewekwa rehani na mkopo uliobaki ni 350,000. Mazishi 50,000. Muuzaji wa jumla wa leso 270,000. Rafiki wa marehemu 80,000, na yuko na ujumbe wa simu unaoonyesha alikopeshwa na lini angelipa. Mahari 150,000. Yote ni 900,000. Tena marehemu aliusia 100,000 kwa madrasa ya mtaani, na hiyo iko chini sana ya thuluthi.

Angalia sasa inavyotoka. Pikapu ikiuzwa 600,000 na mwenye rehani akachukua 350,000 zake, hubaki 250,000. Bidhaa za duka zikiuzwa ni 250,000, na pesa taslimu ni 150,000. Hizo tatu ni 650,000. Mazishi, muuzaji, rafiki na mahari ni 550,000, zinabaki 100,000, nazo ni za madrasa. Deni limekwisha na nyumba haijaguswa. Shemeji alikuwa tayari kuiuza nyumba ya kwanza kabla hajahesabu leso zilizoko dukani.

Iliyobaki ni nyumba ya 2,400,000. Mke ana thumuni kwa kuwa marehemu ana watoto, yaani 300,000. Mama ana sudusi, 400,000. Zilizobaki 1,700,000 ni za watoto, mume mara mbili ya mke: kila kijana 680,000 na binti 340,000. Si lazima nyumba iuzwe. Wanaweza kuimiliki kwa mafungu hayo na wagawane kodi. Shemeji, kwa kuwa kuna watoto wa kiume, harithi kitu. Hilo sikulisema mimi mbele yake, lakini kadhi atalisema.

Mjane huyu kwa jumla anapata 450,000. Lau mahari ingesahauliwa, angepata thumuni ya 2,550,000, ambayo ni 318,750. Tofauti ni 131,250, na ilikuwa ipotee kwa sababu ya kunyamaza.

Je, mali isingetosha? Tuseme hakuna nyumba, na baada ya rehani na mazishi zimebaki 300,000 tu. Wanaodai ni muuzaji 270,000, rafiki 80,000 na mjane 150,000, jumla 500,000. Hapo kila mmoja hupata kwa kadiri ya deni lake, senti 60 kwa kila shilingi: muuzaji 162,000, rafiki 48,000, mjane 90,000. Hakuna urithi wala wasia. Na kilichopungua hakimfuati mjane wala watoto. Mtoto akipenda kumtoa babake kwenye deni kwa pesa zake ni hisani kubwa, lakini hawezi kulazimishwa. Isipokuwa kama mjane alitia sahihi ya udhamini wa mkopo huo. Hapo anadaiwa kwa ahadi yake mwenyewe, si kwa ujane wake. Mtu aangalie makaratasi kabla ya kusema "halinihusu".

Kuhusu ile simu. Kutoa pesa kwa namba ya siri ya marehemu, hata kwa nia ya kulipa deni la kweli, ni kuingilia mali ya maiti bila idhini. Kifungu cha 45 cha sheria ile ile kinalifanya kosa, faini hadi shilingi 10,000 au kifungo hadi mwaka mmoja au vyote viwili, na aliyezitoa atatakiwa azitolee hesabu. Iliyotoka kwa mazishi iandikwe na risiti ziwekwe. Simu izimwe, ikae kwa mamake marehemu au mtu wanayemkubali wote.

Kisha waende Mahakama ya Kadhi na cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, vitambulisho, cheti cha ndoa, hati ya nyumba na makadirio yake, pamoja na orodha ya mali na madeni. Ikiwa nyumba ni ya zile zisizo na ardhi, yaani majengo ni ya marehemu na uwanja ni wa mtu mwingine, kodi ya ardhi ambayo haijalipwa nayo ni deni, iandikwe. Kuna mpaka mmoja wa kujua: kwa kifungu cha 170 cha Katiba, kadhi huamua baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Mwenye mkopo wa pikapu, akiwa ni kampuni na akabishana juu ya kiasi, ubishi huo utakwenda mahakama nyingine. Orodha ya kadhi itamtaja, lakini haitammaliza.

Mama aliuliza pia kama eda inamzuia. Mwanamke wa eda hutoka mchana kwa haja yake, na kudai haki mahakamani ni haja. Akiona uzito, kijana wake mkubwa anaweza kuanza kukusanya makaratasi, na yeye akafika siku ya kusikizwa. Nyumba atakaa humo mpaka miezi minne na siku kumi zitimie, na shemeji ameshaambiwa. Cheti cha ndoa amekipata juzi, ndani ya kasha la mamake. Mahari imeandikwa 200,000, na mbele yake, kwa kalamu ya buluu, "imelipwa 50,000".